Saba ya Maua Mahali Pake

Mwezi ukiwa mkubwa, omena hawavuliwi. Sikulijua hilo mpaka nilipofika ufuoni mwa ziwa upande wa Kisegi, kwa sababu kwetu Ntimaru mwezi mkubwa ulikuwa wa kutembelea majirani tu. Kule ziwani, wavuvi huwasha taa za karabai juu ya maji usiku wa giza, samaki wale wadogo wakaufuata mwanga, kisha wakazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikijaa, taa inakuwa haina kazi. Mashua zinapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanawake wanaonunua omena, wanaowaanika na kuwapeleka soko la Migori, wanabaki na mikono mitupu. Miaka hiyo ya tisini, kwenye ufuo wetu, mikono hiyo ilishika karata.

Nilipelekwa huko kumsaidia mama mdogo, dada yake mama yangu, aliyekuwa ameolewa na Mjaluo wa pale na alikuwa amejifungua. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilikuwa nakaa tu nyumbani. Nilikuwa msichana wa aibu. Mtu akinisalimu njiani nilijibu baada ya yeye kupita. Dholuo, lugha ya Wajaluo, sikuijua, kwa hiyo watu waliongea nami Kiswahili, na Kiswahili changu kilikuwa cha vitabuni, cha polepole, mpaka wanawake wa ufuoni wakaniita "mwalimu" kwa mzaha.

Mama mdogo alikuwa na shida moja, nayo niliijua tangu siku ya kwanza. Mashua zikirudi alfajiri, wanawake husimama laini na mabeseni. Wa kwanza anachota omena wazima, anawaanika kabla jua halijapanda, na mchana wanakuwa wamekauka. Wa mwisho anachota wakati jua limeshasonga, na upande huo mvua hunyesha alasiri. Msimu wa giza uliopita mama mdogo alikuwa mjamzito mzito, akawa anafika wa mwisho, na mvua iliwakuta omena wake bado wabichi juu ya wavu. Walioza wote wakatupiwa kuku. Akipata hasara ya namna hiyo mara ya pili, alisema, atafunga biashara arudi kulima shamba la mkwe. Hilo hakulitaka hata kidogo.

Sasa, zamani laini ile ilikuwa ya ugomvi. Wanawake walisukumana, wengine waliwabembeleza wavuvi kwa njia ambazo hazikuwapa heshima. Aliyemaliza mambo hayo ni mwanamke mmoja aliyeitwa nyar Migori, yaani binti wa Migori, kwa sababu pale wanawake walioolewa huitwa kwa jina la walikotoka. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi miaka mingi jikoni kwa familia moja ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini Migori. Mama mzee wa nyumba ile alikosa wenzake wa kucheza nao karata mchana, akamfundisha mpishi wake rami. Nyar Migori alipokuja ziwani alikuja na sufuria zake, na magodoro, na pakiti mbili za karata. Yeye ndiye aliyesema: tucheze siku ya mwisho ya mbalamwezi, atakayefunga kwanza, yaani atakayemaliza kupanga karata zake zote, awe wa kwanza kwenye laini giza lote, na wengine wafuate kadiri karata zao zilivyopangika. Wanawake walikubali kwa sababu walikuwa wamechoka kusukumana. Wavuvi walicheka, lakini waliheshimu.

Kila nyumba ilikuwa na kiti kimoja mkekani. Kiti cha nyumba yetu kilikuwa cha mama mdogo, na mama mdogo alikuwa kitandani na mtoto mchanga.

"Utakaa wewe," aliniambia.

"Mimi siwezi kuongea na wale."

"Karata haziongei. Zinapangwa."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hapo alinidanganya kidogo.

Alinifundisha kitandani, mtoto akinyonya upande mmoja, karata zimetandazwa juu ya leso upande wa pili. Alikuwa na pakiti kuukuu isiyotimia, lakini ya kujifunzia ilitosha. Kila mchezaji, alisema, anapewa karata kumi na tatu. Zamu yako ikifika unaokota moja, ama kutoka kwenye rundo lililofunikwa, ama ile ya juu aliyotupa mwenzako aliyekutangulia. Kisha unatupa moja. Kazi yako ni kuzipanga zote kumi na tatu ziwe vikundi vya tatutatu au zaidi.

"Vikundi ni vya aina mbili tu," alisema. "Kuna seti na kuna foleni. Usiwahi kuchanganya."

Seti ni karata za namba ileile zenye alama tofauti. Aliniwekea nne ya shupaza, nne ya kopa na nne ya uru. "Hawa ni kama wake wenza. Cheo kimoja, nyumba mbalimbali." Foleni ni kinyume chake: alama moja, namba zinafuatana. Akaweka tano, sita na saba, zote za maua, yale maua meusi ya majani matatu. "Hawa ni watoto wa nyumba moja, wamepangwa kwa kuzaliwa." Akaondoa sita ya maua akaweka sita ya kopa. "Sasa?"

"Bado zinafuatana," nilisema.

"Zinafuatana, lakini huyu wa katikati ni mtoto wa jirani. Foleni imekufa."

Esi, alisema, inaweza kukaa chini ya mbili au juu ya kingi, lakini haiwi daraja la kutoka kingi kwenda mbili. Hilo nililishika haraka. Jokeri ndiye aliyenisumbua. Wapo jokeri wa picha, wale wenye mtu wa kofia yenye kengele, na yupo jokeri wa siku. Baada ya kugawa, karata moja inafunuliwa na kuwekwa chini ya rundo, ubavu wake ukionekana. Ikiwa ni tisa, basi tisa zote za mchezo ule, za alama yoyote, ni jokeri. Na jokeri anakaa badala ya karata yoyote unayoikosa. Una kumi na jeki na kingi za kopa, huna kwini? Muweke jokeri kwenye pengo.

"Basi nikipata jokeri wengi nimeshinda," nilisema.

Mama mdogo alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Ndivyo wote wanavyodhani. Ili ufunge lazima uwe na foleni mbili, na moja kati ya hizo iwe safi. Safi, yaani hakuna jokeri anayeshika nafasi ya mtu. Bila foleni safi, hata ukiwa na jokeri mkono mzima, huna kitu."

Nilifanya mazoezi kwenye mkeka wa wanawake kabla ya siku yenyewe. Walicheza kila alasiri kwenye baraza la banda la kuhifadhia omena, na hewa ilinuka samaki wa mwezi uliopita. Mara ya kwanza niliyodhani nimefunga, niliweka karata zangu chini kwa furaha, na mwanamke mmoja mpika chapati, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa ziwa, alipiga makofi.

"Yawa! Mwalimu ametuletea mapacha!"

Nilikuwa nimeweka seti ya nane tatu, mbili kati yao za kopa. Kwa pakiti moja ya mama mdogo jambo hilo lisingewezekana. Lakini mkekani walicheza na pakiti mbili pamoja, kwa hiyo kila karata ilikuwa na pacha wake. Nyar Migori aliichukua nane moja ya kopa kwa vidole viwili akanirudishia.

"Kwenye seti, mapacha hawakai pamoja. Alama lazima zitofautiane. Ulidhani nini?"

Niliangalia mkeka.

"Mwanangu, hapa ukifunga unasema," alisema, bila ukali. "Unataja kikundi kimoja kimoja, hii ni seti, hii ni foleni, hii ni foleni safi. Mtu yeyote anaweza kukukatalia, na wewe ndiye unayejitetea. Usipojitetea, karata zako zimekufa na unakwenda mwisho wa laini. Hiyo ndiyo sheria ya mama mzee wa Migori. Alisema karata ambayo mwenyewe hawezi kuieleza, ni ya bahati tu."

Nilirudi nyumbani na kumwambia mama mdogo kwamba alinidanganya. Hakukataa. "Ningekuambia ukweli ungekubali kwenda?" aliuliza.

Alasiri hizo nilimtazama sana nyar Migori. Alikuwa mnene, na mguu mmoja ulivimba akikaa sana, hivyo aliunyoosha mbele yake juu ya beseni lililogeuzwa. Karata alizishika kama upepeo mdogo wa kujipepea, na hakuzipanga upya kila mara kama sisi. Akiokota, alijua mahali pa kuichomeka. Akitupa, alitupa bila kelele. Na alicheza ili kushinda. Hakumhurumia mtu, hata mjane kijana aliyekaa kushoto kwake, ambaye alikuwa mpole kuliko wote. Lakini ukimuuliza sheria katikati ya mchezo, hata kama jibu lingekusaidia umshinde, alikujibu sawasawa. Sijaona mtu mwingine wa namna hiyo. Watu wengi wakijua kitu kinachowapa nafasi, wanakificha chini ya mkeka.

Siku ya mwisho ya mbalamwezi tulikaa wanne: nyar Migori, mjane, mpika chapati, na mimi. Wenye nyumba nyingine walikuwa mkeka wa pili. Mshindi wetu na mshindi wao wangepokezana nafasi ya kwanza, kila mmoja na mkeka wake nyuma yake, leo huyu kesho yule, na siku ya kwanza ilikuwa ya mkeka wetu. Mama mdogo alinifunga leso yake kiunoni kabla sijatoka. Mtoto alikuwa amelala.

Mpika chapati aligawa. Karata iliyofunuliwa chini ya rundo ilikuwa saba ya uru. "Saba ni jokeri!" alitangaza, kana kwamba hatuoni.

Nilifungua zangu. Kulikuwa na jokeri mmoja wa picha na saba ya kopa, ambayo siku hiyo nayo ilikuwa jokeri. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kicheko cha mama mdogo, nikaanza kutafuta foleni safi. Haikuwepo. Nilikuwa na sita na nane za maua, na vipande vya kopa.

Tulizunguka. Polepole nilipata nne tatu za nyumba tofauti: shupaza, kopa na uru. Hiyo seti. Nilipata tisa ya shupaza na tisa ya uru, na saba ya kopa ikakaa nazo badala ya tisa ya tatu. Seti ya pili. Kwenye kopa nilikuwa na kumi, jeki na kingi, na jokeri wa picha akaziba pengo la kwini. Hiyo foleni, lakini si safi. Kwini mwenyewe angekuja, foleni ile ingekuwa safi na jokeri angekuwa huru kwenda kwingine. Lakini kwini wa kopa wote wawili nilikuwa nimewaona wakitupwa na kufunikwa kabla zamu yangu haijafika.

Basi nilibaki na sita na nane za maua, na mbili ya shupaza isiyokuwa na kazi. Ningeokoka kwa karata moja tu, saba ya maua. Nayo hakuna ambaye angeitupa, kwa sababu saba zilikuwa jokeri. Ingekuja kutoka kwenye rundo au isingekuja.

"Mwalimu amenyamaza kama jiwe," mpika chapati alisema. "Ama amefunga na anaogopa kutuambia?"

"Mwache mtoto wa watu acheze," mjane alisema.

"Mimi namcheka tu. Kwetu ukicheka na mtu ni kumpenda."

Nyar Migori aliokota, akachomeka karata mahali, akatupa tatu ya uru. Nilijua uso ule. Alikuwa amebakiza moja.

Zamu yangu ilifika. Sikuitaka tatu ya uru. Niliokota kutoka kwenye rundo. Ilikuwa saba ya maua.

Niliiweka kati ya sita na nane. Niliilaza mbili ya shupaza kifudifudi, kama anavyofanya mtu anayefunga, na nikatandaza zile kumi na tatu mkekani.

"Nimefunga," nilisema. Sidhani kama mtu alinisikia, lakini waliona.

Mpika chapati aliinama juu ya karata zangu. Alizipitia kwa kidole. "Seti ya nne, sawa. Seti ya tisa na jokeri, sawa. Foleni ya kopa na jokeri, sawa." Kidole kilifika kwenye maua kikasimama. "Foleni safi iko wapi?"

Nilionyesha sita, saba, nane.

"Hii? Si ina jokeri! Saba ni jokeri leo, nilitangaza mwenyewe! Mwalimu hana foleni safi. Amekufa! Mwisho wa laini!"

Mjane alitikisa kichwa kwa huruma. Wanawake wa mkeka wa pili waliacha mchezo wao wakaja kutazama. Mmoja alimgeukia nyar Migori. "Wewe ndiye mwenye mchezo. Amua."

Hapo nilimtazama. Alikuwa amebakiza karata moja, na mimi nikifa, angecheza tena na huenda angefunga. Jibu alilijua. Angeweza kuinua mabega tu, na hakuna hata mmoja pale ambaye angejua tofauti.

"Swali aulizwe mwenye karata," alisema. Akaunyoosha mguu wake vizuri juu ya beseni. "Mwalimu. Foleni yako ni safi au si safi?"

Watu wote walinitazama. Nilitaka kuzikusanya karata na kukimbilia nyumbani, na nadhani ningekimbia, ila leso ya mama mdogo ilikuwa imenibana kiunoni na ilinikumbusha wale omena waliotupiwa kuku.

"Ni safi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Niliweka kidole juu ya saba. Kisha nikaendelea polepole, kama ninavyoandika. "Jokeri anakuwa jokeri akikaa nafasi ya mwingine. Hii ni saba ya maua. Imekaa kati ya sita ya maua na nane ya maua. Hapo ndipo mahali pake. Haijakaa nafasi ya mtu. Hata leo kama jokeri angekuwa tano, karata hii ingekaa hapohapo."

Mpika chapati alikunja uso. "Lakini saba ya kopa umeiita jokeri. Saba ya maua unaiita saba. Huoni unatuchezea?"

Niliigusa tena sita, kisha saba, kisha nane.

Ndipo nyar Migori aliponyoosha mkono na kuchomoa karata tatu kutoka kwenye mkono wake, akaziweka karibu na zangu. Kingi wa shupaza, kingi wa uru, na kati yao saba ya maua, pacha wa ile yangu.

"Tazama," alimwambia mpika chapati. "Hii yangu ni jokeri. Imekaa na makingi, inajifanya kingi, kwa hiyo ni ya kusaidia. Ile yake iko kwao. Ni karata ileile, kazi mbili. Ya kopa aliyonayo imekaa na tisa, ndiyo maana ameiita jokeri. Mtoto amesema kweli. Foleni ni safi."

Kisha akaweka chini mkono wake wote, na tuliona alivyokuwa: foleni mbili zimekamilika, moja safi, seti ile ya makingi, na karata moja tu ya kungojea. Angefunga mzunguko uleule au unaofuata. Alituonyesha bila kuombwa, na hakuonekana kujuta.

"Yawa," mpika chapati alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Aliitazama saba moja, akaitazama nyingine. "Kumbe wanaweza kuwa mapacha na kila mmoja na kazi yake." Halafu akanipiga begani kwa nguvu. "Haya, mwalimu! Utanifundisha."

Nilikusanya karata kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi. Nyar Migori alinipa ile saba yake nikaiweka kwenye rundo pamoja na yangu. "Mama mzee wa Migori angekupenda," alisema. Hayo tu. Akaomba mtu amsaidie kusimama, kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Nilipofika nyumbani mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mgongoni, ingawa wazee walikuwa wamemkataza kutoka mapema. Hakuniuliza nimeshinda au nimeshindwa. Aliuliza, "Ulisema?"

"Nilisema."

Alifungua leso kiunoni kwangu, akajifuta nayo macho, kisha akasema moshi wa jikoni siku hizo ulikuwa mbaya.

Usiku wa kwanza wa giza ulipokaribia kwisha, tulishuka ufuoni wakati taa za mashua zilikuwa bado zinaonekana mbali kama soko la juu ya maji. Mama mdogo alisisitiza kuja mwenyewe. Nilisimama mbele na beseni, wanawake wote nyuma yetu, na nyar Migori alikuwa wa pili, akiegemea fimbo. Mashua ya kwanza ilipogusa mchanga, mvuvi alitupitisha macho akimtafuta nyar Migori, kwa sababu kwa miezi mingi alikuwa amezoea kumwona yeye mbele.

"Huyu ndiye wa kwanza," nyar Migori alimwambia, akinionyesha kwa kidevu. "Mjazie vizuri."

Omena walimiminika kwenye beseni, wanang'aa, wengine bado wanaruka. Tulitandaza wavu kwenye nyasi jua likiwa jekundu bado. Mama mdogo alipiga magoti akawasambaza kwa viganja, kwa uangalifu, asimlaze mmoja juu ya mwingine. Nyar Migori alitandaza wake pembeni yetu. Mchana walikuwa wamekauka wakakatika mkononi. Mvua ilipokuja alasiri, magunia yetu yalikuwa yameshafungwa, yako barazani, na sisi wanne tuliokaa mkekani siku ile tulikuwa tumekaa juu yake, tukila chapati za mpika chapati na kumsikiliza akimweleza mwanamke mgeni, kwa sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, tofauti ya jokeri na saba iliyo kwao.